Each of the students is au are? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu each of na every one of

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na walimu wa Kiingereza wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani. Sentensi za mfano ni za huku huku kwetu: mabasi, miche ya parachichi, madaftari na mabweni. Uzito mkubwa umewekwa kwenye sentensi moja yenye *each of* au *every one of* pamoja na kitenzi zaidi ya kimoja, kwa sababu hapo ndipo hata mwanafunzi anayeijua kanuni hupoteza alama.

## Mambo ya msingi

1. Niandike *Each of the students is* au *Each of the students are*?

Andika *is*. Kiima cha sentensi hiyo ni *each*, na *each* ikiwa kiima ni umoja daima. Maneno *of the students* yanaeleza tu huyo mmoja mmoja ametoka kwenye kundi gani, hayamwambii kitenzi kiweje. Kwa hiyo:

*Each of the students is ready.*
*Each of the buses stops at Makambako.*
*Each of the seedlings has two leaves.*

Wingi ukitakiwa, badili kiima chenyewe: *All of the students are ready.* *All* huwatazama kwa pamoja, *each* humtazama mmoja baada ya mwingine.

2. Kama kanuni ni nyepesi hivyo, kwa nini watu wengi wanakosea?

Kwa sababu neno lililo jirani kabisa na kitenzi ni *students*, nalo lina wingi. Ukifika kwenye kitenzi, sikio linakumbuka lililosikika mwisho. Kosa hili haliwapati wanaojifunza tu. Mwaka 1991 wanasaikolojia wa lugha Kathryn Bock na Carol Miller waliwapa wazungumzaji wa Kiingereza vianzio vya sentensi wavimalizie, na wakaona kwamba kiima cha umoja kikifuatwa na nomino ya wingi kabla ya kitenzi, makosa ya upatanisho huongezeka. Kinyume chake, kiima cha wingi kikifuatwa na nomino ya umoja, hakikuwayumbisha kiasi hicho.

Dawa yake ni ya mkono: funika kwa kidole maneno yote kuanzia *of* hadi kabla ya kitenzi, kisha usome. *Each … is ready.* Ukisoma *Each … are ready*, kasoro inasikika papo hapo.

3. Kuna njia ya kukagua kwa kutumia Kiswahili?

Ipo, na kwa msemaji wa Kiswahili ni bora kuliko kidole. Tafsiri *each of the* kwa *kila mmoja wa*, kisha sikiliza kiambishi cha kitenzi. Tunasema *Kila mmoja wa wanafunzi amefika*. Hakuna anayesema *Kila mmoja wa wanafunzi wamefika* bila kuhisi kwamba kuna kitu kimekwama.

Ukitoka kwenye watu ukaenda kwenye vitu, kipimo kinakuwa kikali zaidi, kwa sababu kila ngeli ina viambishi vyake vya umoja na wingi:

*Kila kimoja cha viti kimevunjika*, si *vimevunjika*. Each of the chairs is broken.

*Kila moja la mabasi limejaa*, si *yamejaa*. Each of the buses is full.

*Kila mmoja wa miche umeota*, si *imeota*. Each of the seedlings has sprouted.

Umoja uliomo ndani ya *kimevunjika*, *limejaa* na *umeota* ndio huo huo ulioko kwenye *is* na *has*. Ukipata shaka kwenye chumba cha mtihani, tumia sentensi ya viti. Tofauti ya *ki-* na *vi-* husikika wazi kuliko zote.

4. *Every one of the students* nayo inachukua *is*?

Ndiyo, na kwa sababu ile ile. Neno kuu ni *one*, yaani mmoja. *Every one of the students is here.* *Every one of the books has a cover.*

Tofauti ya maana ipo, ingawa ni ndogo. *Each of* humhesabu kila mtu peke yake. *Every one of* husisitiza kwamba hakubaki hata mmoja. Mwalimu wa zamu akipita bwenini akiwatazama wanafunzi kitanda kwa kitanda, *each of* inamfaa. Akitoka na kutangaza kwamba wote wamo, hakosekani hata mmoja, atasema *every one of*.

5. Kwa nini *every of the students* ni kosa wakati *each of the students* ni sahihi?

Hapa Kiswahili kinatuponza, kwa sababu neno moja tu, *kila*, linabeba kazi ya *each* na *every*. Kwa Kiingereza, *each* inaweza kusimama peke yake kama kiwakilishi, ndiyo maana inakubali kufuatwa na *of*. *Every* haisimami peke yake. Lazima ishikwe mkono na nomino au na *one*. Basi maumbo sahihi ni haya manne:

*each student is*
*each of the students is*
*every student is*
*every one of the students is*

Angalia pia neno *the*. *Each of students* si sahihi. Baada ya *of* panatakiwa *the*, *these*, *those*, *my*, *our* na mengine ya aina hiyo, au kiwakilishi kama *them* na *us*. Kwa kuwa Kiswahili hakina neno la kazi ya *the*, mwandishi haoni pengo lolote anapoliacha. Ukimaliza kuandika, rudi ulitafute kwa makusudi.

6. *Every one* iandikwe kwa maneno mawili au neno moja?

Ikifuatwa na *of*, maneno mawili: *every one of the students*. *Everyone*, neno moja, maana yake ni watu wote, na haifuatwi na *of*. Kwa kupima, weka *each one* mahali pake. *Each one of the chairs* inakaa vizuri, kwa hiyo ni *every one*. *Each one is welcome to the wedding* inabadilisha maana ya kuwakaribisha watu wote, kwa hiyo hapo ni *everyone*.

Kwa viti, vitabu na miche, *everyone* haiwezi kutumika kabisa, maana ni ya watu tu. Kitenzi hakibadiliki: *everyone is*, *every one of them is*.

7. Je, tofauti ya umoja na wingi inaonekana kwenye kila kitenzi?

Hapana, na kujua hili kunapunguza hofu. Inaonekana kwenye *is* na *are*, *was* na *were*, *has* na *have*, *does* na *do*, na kwenye *-s* ya wakati uliopo, kama *stops* na *stop*. Kwingineko umbo ni moja: *Each of the students went home*, *Each of the students will sit the exam*, *Each of the students can swim*. Ukikutana na *went*, *will*, *can* au *must*, endelea na safari. *Was* ndiyo ya kuangalia, maana ndiyo pekee inayobeba tofauti hii katika wakati uliopita: *Each of the students was given a form.*

## Sentensi moja, vitenzi viwili

8. Nimeona *Each of the students who live in Mafinga has a bicycle*. Mbona *live* iko wingi na *has* iko umoja?

Sentensi hiyo ni sahihi, nayo ni ya kujifunza polepole. Ina vitenzi viwili, na kila kimoja kina kiima chake. Kiima cha *live* ni *who*, na *who* inarejea *the students*, ambao ni wengi. Kiima cha *has* ni *each*, ambaye ni mmoja.

Sasa isome kwa Kiswahili: *Kila mmoja wa wanafunzi wanaoishi Mafinga ana baiskeli.* Umesema *wanaoishi* kwa wingi na *ana* kwa umoja, na ulimi haukukwaa. Kiswahili na Kiingereza vinafanya jambo moja hapa. Vivyo hivyo kwa vitu: *Kila kimoja cha vitabu vilivyoazimwa kimerudishwa*, yaani *Every one of the books that were borrowed has been returned.* *Vilivyo-* ndiyo *were*, *kime-* ndiyo *has*.

Makosa huja kwa njia mbili. Wapo wanaoandika *who lives … has*, kwa kuwa wamekariri kwamba *each* ni umoja, wakaumimina umoja huo kwenye kila kitenzi wanachokiona. Wapo wanaoandika *who live … have*, kwa kuwa *live* imewavuta. Kosa la kwanza ni la mwanafunzi mwenye bidii, na ndilo gumu kulisahihisha, kwa sababu yeye anaamini anafuata kanuni.

9. Nitajuaje kitenzi kipi kinafuata *who* na kipi kinafuata *each*?

Tafuta *who*, *which* au *that*. Kitenzi kinachofuata mara baada ya neno hilo ni chake, na kwenye sentensi za aina hii kinapatana na nomino ya wingi iliyotangulia. Kitenzi kinachobaki, ambacho kwa kawaida huja baadaye na ndicho kinachokamilisha habari, ni cha *each* au *every one*.

Kwa kuandika, chora mabano ya penseli kuzunguka kipande kinachoanza na *who* au *that*. Ukikiondoa, kilichobaki kisimame chenyewe: *Each of the students … has a bicycle.* Kikisimama, umepatia. Kwa Kiswahili, kipande cha kuondoa ni kile chenye *o* ya urejeshi: *wanaoishi*, *vilivyoazimwa*, *iliyopandwa*.

10. Naomba sentensi ndefu ifanyiwe kazi hatua kwa hatua.

Tuchukue hii, yenye nafasi nne:

*Each of the students who ___ in the dormitory, as well as the two matrons, ___ a blanket, and every one of the blankets that ___ bought in Njombe ___ warm.*

Vitenzi vya kujaza ni *sleep*, *have*, *be* ya wakati uliopita, na *be* ya wakati uliopo.

Nafasi ya kwanza iko baada ya *who*, na *who* ni *the students*. Jibu ni *sleep*, bila *-s*. Kwa Kiswahili: *wanafunzi wanaolala*.

Nafasi ya pili ndiyo yenye mtego mkubwa. Kati yake na *each* kuna wanafunzi wengi, bweni moja na matroni wawili. Ondoa kipande cha *who*, kisha ondoa kilichofungwa kati ya mikato miwili. Kinabaki *Each of the students … a blanket*. Jibu ni *has*. Matroni hawahesabiki kwenye kiima, sababu iko kwenye swali la 11.

Nafasi ya tatu iko baada ya *that*, inayorejea *the blankets*. Jibu ni *were*. Kwa Kiswahili: *mablanketi yaliyonunuliwa*.

Nafasi ya nne ni ya *every one*. Jibu ni *is*. Kwa Kiswahili: *kila moja la mablanketi … linatia joto*, si *yanatia joto*.

Sentensi nzima: *Each of the students who sleep in the dormitory, as well as the two matrons, has a blanket, and every one of the blankets that were bought in Njombe is warm.* Wingi, umoja, wingi, umoja. Aliyejaza umoja mahali pote amekosa mbili, na aliyejaza wingi mahali pote amekosa mbili pia.

11. *As well as the teachers* haiongezi watu? Na *and* je?

*As well as*, *together with* na *along with* huongeza watu kwenye habari lakini haziwaongezi kwenye kiima. *Each of the students, together with the teachers, is invited.*

*And* kwa kawaida huunganisha viima viwili vikawa wingi, lakini panapokuwa na *each* au *every*, umoja hubaki: *Every boy and every girl has a desk.* *Each student and each teacher is on the list.*

Ukiandika *Each of the students and every one of the teachers*, kanuni hiyo hiyo inaleta *is*. Lakini sentensi inakuwa nzito masikioni, na msomaji anaweza kudhani umekosea hata kama hujakosea. Ni heri kuigawa: *Each of the students is invited, and so is every one of the teachers.* Ujumbe ni ule ule na hakuna wa kubishana nawe.

12. Kwenye swali, kitenzi kikitangulia, inakuwaje?

Haibadiliki. *Is each of the students ready?* *Does every one of the buses stop at Makambako?* *Has each of them eaten?* Angalia kwamba baada ya *does* kitenzi kinarudi kwenye umbo tupu, *stop*, kwa sababu *-s* imekwisha bebwa na *does*.

## Pale Kiswahili kinapotupoteza

13. *The students each has* au *The students each have*?

*Have*. Hapa kipimo cha swali la 3 hakifai, na inabidi kulijua hilo mapema. Kwa Kiswahili tunasema *Wanafunzi kila mmoja ana daftari lake*, kitenzi kikiwa umoja. Kwa Kiingereza, *each* ikija baada ya kiima, kiima kinabaki kuwa *the students*, na kitenzi kinakuwa wingi: *The students each have an exercise book.* *They each have one.* *We each have one.*

Ikiwa kuna *are* au kitenzi kisaidizi, *each* hukaa baada yake: *The students have each received a form.*

Inaweza pia kwenda mwisho: *The students received two books each.* Hiyo ndiyo Kiswahili hueleza kwa kurudia namba, *walipewa vitabu viwili viwili*.

14. *Each of us are* au *Each of us is*? Mimi pia nimo humo.

*Each of us is*. Hata kama nawe umo, kiima ni *each*. Kiswahili kinakubali: *kila mmoja wetu ana jukumu*, si *kila mmoja wetu tuna jukumu*. *Each of you has*, *every one of us knows*.

15. Nikisema *each of the students has*, niendelee na *his book*, *his or her book* au *their book*?

Kiswahili hakina tatizo hili, *kitabu chake* kinamtosha mvulana na msichana. Kwa Kiingereza chagua kulingana na mazingira. Shule ya wasichana watupu, *her book* inatosha. Shule ya mchanganyiko, *his or her book* ni salama kwenye mtihani na barua rasmi. *Their book* kwa mtu mmoja imetumika katika Kiingereza tangu karne ya 14, na leo inakubalika sana, lakini wapo wasahihishaji wasioipenda.

La kushika ni hili: *their* haigeuzi kitenzi. Ni *Each of the students has brought their book*. *Their* imekuja nyuma ya kitenzi, haina mamlaka juu yake.

16. Nikitaka kukanusha, niandike *Each of the students is not*?

Epuka. Kiingereza hakiipendi, na maana yake inayumba. Amua kwanza unachotaka kusema kwa Kiswahili. *Hakuna hata mmoja aliyefaulu* ni *None of the students passed*. *Si kila mmoja wa wanafunzi amefaulu*, yaani baadhi wamefeli, ni *Not every one of the students has passed*.

*None of the students* inakubali *is* na *are* pia. Anayefundishwa kuandika *is* tu aendelee hivyo, hatakosea.

## Hali zisizo za kawaida

17. *Each of whom* inafuatwa na nini?

Umoja. *There are 40 students, each of whom has a desk.* *Are* ni ya wanafunzi 40, *has* ni ya *each*. Kwa Kiswahili: *Wapo wanafunzi 40, ambao kila mmoja wao ana dawati.* Kwa vitu ni *each of which*: *12 buses, each of which leaves before noon.*

18. Vitu vikiwa viwili tu, naweza kutumia *every one of*?

Hapana. *Each of* hutumika kuanzia viwili, *every one of* kuanzia vitatu. *Each of my two sisters lives in Tukuyu* ni sahihi. *Every one of my two sisters* si sahihi.

Upande wa pili, *almost* na *nearly* huenda na *every one of*, haziendi na *each of*. Karibu miche yote imeota ni *Almost every one of the seedlings has sprouted*.

19. Nimewasikia wenye lugha yao wakisema *each of the students are*. Nao wamekosea?

Utawasikia, hasa kwenye mazungumzo, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 2. Husikika zaidi kadiri kitenzi kinavyokuwa mbali na *each*. Katika maandishi rasmi, yaani insha, barua ya maombi ya kazi, ripoti na mtihani, umoja ndio unaotakiwa, na jibu la *are* litahesabiwa kosa. Mwalimu asimkatize mwanafunzi anayezungumza kwa sababu ya *are* moja. Amwekee alama nyekundu kwenye daftari, karibu na neno *each*, si karibu na *are*, ili mwanafunzi aone kosa lilipoanzia.